Bango, waya na ukuta: njia moja ya kutatua maswali ya statiki

Bango la chuma linaning'inia nje ya duka, juu ya vichwa vya wapita njia. Limefungwa kwenye boriti mlalo iliyotokeza ukutani, na ncha ya boriti hiyo inashikiliwa na waya uliopanda kwa mshazari hadi sehemu ya juu ya ukuta huohuo. Waya unavutwa kwa kani kiasi gani? Bolti zilizoushika ukutani zinavutwa zing'oke kwa kani gani? Maswali haya hayajibiwi kwa kupima uzito wa bango peke yake. Waya ukisogezwa chini ukutani, bango likiwa lilelile, mkazo wake unaweza kupanda zaidi ya mara mbili.

Maswali haya ni ya statiki, tawi la mekanika linaloshughulika na vitu vilivyotulia. Mwanafunzi wa uhandisi au wa chuo cha ufundi akiifungua sura hiyo anakutana na ngazi iliyoegemea ukuta, winchi iliyobeba mzigo, lango lenye bawaba mbili, daraja lililolala juu ya nguzo. Kila kimoja kina picha yake na mfano wake uliotatuliwa. Wengi hujaribu kuikariri mifano hiyo, na mtihani unapoleta picha wasiyowahi kuiona wanakosa pa kuanzia. Lakini mifano yote hiyo inapita njia moja. Ukiifupisha sura vizuri unabaki na njia hiyo tu, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni kuchora. Hesabu yenyewe hubaki kuwa kusoma kilichochorwa.

Kanuni ambayo sura yote imejengwa juu yake ni fupi. Kitu kilichotulia hakisogei upande wowote na hakizunguki. Kwa kuwa hakisogei, kani zote za mlalo zinazokigusa zikijumlishwa lazima zifutane, na za wima vilevile. Kwa kuwa hakizunguki, momenti zote zinazotaka kukizungusha kufuata mwendo wa saa lazima zilingane na zile za kinyume cha saa. Kwenye karatasi bapa, hiyo ni milinganyo mitatu:

```
ΣFx = 0
ΣFy = 0
ΣM  = 0
```

Alama ya Σ inasema "jumlisha zote". Fx ni kani za mlalo, Fy za wima, na M ni momenti kuhusu nukta yoyote utakayoichagua. Momenti ni kani ikizidishwa kwa umbali wa pembemraba kutoka nukta hiyo hadi kwenye mstari wa kani. Anayesukuma mlango karibu na bawaba anahitaji nguvu nyingi kuliko anayeusukuma kwenye kitasa, kwa sababu umbali wake ni mfupi.

Milinganyo hiyo mitatu inakaririka kwa dakika moja. Kinachoifanya sura iwe ndefu ni swali jingine: ni kani zipi za kuingiza ndani ya hizo Σ? Jibu lake linatoka kwenye mchoro wa gimba huru, yaani mchoro wa kitu kimoja kilichotengwa na kila kinachokigusa, kikiwa kimechorewa kani zote zinazokifikia kutoka nje. Mlinganyo haujui kwamba umesahau kani. Utakupa jibu safi kabisa, lenye namba nzuri, na jibu hilo litakuwa baya.

Tulipe bango letu vipimo. Boriti ni skwea paipu ya chuma yenye urefu wa mita 2 na tungamo la kilo 10, unene wake ni uleule mwanzo hadi mwisho. Upande wa ukutani, tuuite A, imeshikwa kwa pini inayoiruhusu kuzunguka. Ncha ya nje, B, imefungwa waya. Waya huo unapanda hadi nukta C ukutani, mita 1.5 juu ya A. Bango lina kilo 40 na linaning'inizwa kwa minyororo miwili, mmoja umbali wa mita 0.7 kutoka ukutani na wa pili mita 1.8. Kwa hesabu rahisi tuseme kila kilo moja inavutwa na dunia kwa kani ya nyutoni 10. Ukitumia 9.8 majibu yatapungua kwa asilimia mbili tu.

Kazi ya kwanza ni kuchagua gimba. Tunataka mkazo wa waya na kani za pale kwenye pini. Vyote viwili vinaigusa boriti, basi boriti ndiyo itakayotengwa. Chukua penseli na uizungushie mstari uliofungwa, unaoizunguka boriti pekee. Mstari huo unaukata waya karibu na B, unaikata minyororo yote miwili, na unapita kati ya boriti na pini. Kila mahali unapokata ni mahali ambapo kitu cha nje kinaigusa boriti, na kila mguso ni lazima uwe na kani yake kwenye mchoro. Mimi huuona mstari huu kuwa chombo chenye thamani kuliko fomula zote za sura, kwa sababu unakuonyesha mahali pa kutafuta. Huhitaji kukumbuka kani, unazifuata kwa ncha ya penseli.

Sasa futa ukuta, futa waya, futa bango, ubakize boriti peke yake, na mahali pa kila ulichokifuta weka kani yake. Hapa ndipo vitabu vinapoweka jedwali refu la egemeo: kamba, sakafu laini, roli, pini, kiungo kilichozuiliwa kabisa. Jedwali zima linaingia katika sentensi moja. Egemeo hutoa kani upande ule linakozuia mwendo, na hutoa momenti pale linapozuia mzunguko. Kamba au waya huzuia kitu kisiende mbali nao tu, kwa hiyo huvuta kwa kufuata mstari wake wenyewe na hausukumi kamwe. Sakafu laini huzuia kitu kisizame, kwa hiyo husukuma kwa pembemraba na uso wake. Pini huzuia kusogea kwa mlalo na kwa wima lakini inaruhusu kuzunguka, kwa hiyo ina kani mbili na haina momenti.

Tufuate mstari wetu. Kwenye A kuna pini: weka kani ya mlalo Ax na ya wima Ay. Hatujui zinaelekea wapi, lakini hilo halizuii kazi. Chora Ax ikielekea mbali na ukuta na Ay ikielekea juu. Kama tumekosea upande, jibu litatoka na alama ya kutoa, na alama hiyo itakuwa inasema geuza mshale. Kwenye B kuna waya: weka mkazo T ukivuta kutoka B kuelekea C, juu na kurudi ukutani. Kwenye minyororo, bango lenye uzito wa nyutoni 400 limening'inia sawasawa, basi kila mnyororo unaivuta boriti kwenda chini kwa nyutoni 200. Imebaki kani moja ambayo penseli haikuikuta, kwa kuwa haihitaji mguso: uzito wa boriti yenyewe, nyutoni 100, unaowekwa katikati, mita 1 kutoka ukutani. Hii ndiyo kani inayosahaulika kuliko zote. Kama swali linasema uzito wa boriti upuuzwe, andika hivyo pembeni ya mchoro ili iwe umeamua wewe kuuacha.

Andika pia umbali wote kwenye mchoro huohuo: 0.7, 1, 1.8 na 2 kutoka A, na 1.5 ya kupanda hadi C. Mchoro ukikamilika, mtu mwingine ambaye hajalisoma swali anapaswa aweze kulitatua kwa kuutazama tu.

Kabla ya kuandika mlinganyo wowote, hesabu visivyojulikana. Tuna Ax, Ay na T: vitatu. Milinganyo ni mitatu, basi swali linatatulika. Wangekuwa wanne tungesimama hapohapo, na nitalirudia jambo hilo baadaye.

T imelala kwa mshazari, kwa hiyo tuigawe kuwa kani mbili, ya mlalo na ya wima. Pembetatu ya waya ina mita 2 za mlalo na mita 1.5 za wima, na waya wenyewe, kwa kanuni ya Pythagoras, ni mita 2.5. Sehemu ya mlalo ni T mara 2 gawanya kwa 2.5, yaani 0.8T, ikielekea ukutani. Sehemu ya wima ni T mara 1.5 gawanya kwa 2.5, yaani 0.6T, ikielekea juu. Ruhusa ya kutumia vipande hivi katika momenti badala ya kani nzima inatoka kwa Mfaransa Pierre Varignon, ambaye kitabu chake kikuu cha mekanika kilichapishwa mwaka 1725, miaka mitatu baada ya kufariki kwake. Alionyesha kwamba momenti ya kani ni sawa na jumla ya momenti za vipande vyake. Hiyo inatuepusha na kutafuta umbali wa pembemraba wa waya ulioinama, kazi inayopoteza muda na kuzaa makosa.

Sasa momenti, na tunachagua nukta. Sheria ya kuchagua ni nyepesi: simama pale ambapo kani nyingi zisizojulikana zinapita, kwa sababu kani inayopita kwenye nukta yenyewe haina umbali nayo, hivyo haina momenti. Kwenye A zinapita Ax na Ay. Hata sehemu ya mlalo ya T, kwa kuwa inafuata mstari wa boriti, inapita A. Mlinganyo wa momenti kuhusu A unabaki na kisichojulikana kimoja tu:

```
0.6T × 2 = 200 × 0.7 + 100 × 1 + 200 × 1.8
1.2T = 140 + 100 + 360 = 600
T = 500 N
```

Anayeanza na milinganyo mingine miwili atafika pia, lakini atalazimika kubeba herufi tatu kwa pamoja.

Zilizobaki ni rahisi. Kwa mlalo, Ax pekee inapambana na 0.8T, hivyo Ax ni nyutoni 400, na kwa kuwa imetoka chanya, ukuta kweli unaisukuma boriti kuelekea barabarani. Kwa wima, mizigo ya kushuka ni 200 na 100 na 200, jumla 500. Waya unabeba 0.6T, yaani 300. Ay inabeba zilizosalia, nyutoni 200 kwenda juu.

Watu wengi huweka kalamu chini hapa. Iliyobaki ni hatua ya nusu dakika ambayo ningependa kila mwalimu aidai: tumia mlinganyo ambao hukuutumia. Chukua momenti kuhusu B. T inapita pale, Ax pia. Ay inajaribu kuzungusha kwa 200 mara 2, yaani 400. Mizigo, kwa umbali wake kutoka B, inatoa 200 mara 1.3, na 100 mara 1, na 200 mara 0.2: ni 260, 100 na 40, jumla 400. Zimelingana. Kosa la hesabu lingejitokeza hapa. Kani iliyosahaulika kwenye mchoro haitajitokeza, kwa sababu imesahaulika katika milinganyo yote, na ndiyo maana ukaguzi wa mchoro unafanywa peke yake, kwa kuuzungusha tena ule mstari wa penseli.

Angalia jambo moja katika majibu haya. Mkazo wa waya ni nyutoni 500, na uzito wa bango na boriti pamoja nao ni 500. Mtu anaweza kuondoka akiamini kwamba waya hubeba uzito wote. Imetokea hivyo kwa bahati ya vipimo tulivyochagua. Tushushe C mpaka nusu mita juu ya A, kama wafanyavyo wengine ili waya usizibe dirisha la ghorofani. Mizigo haijabadilika, momenti yake kuhusu A bado ni 600, na sehemu ya wima ya waya bado ni 300. Lakini waya sasa umelala karibu na boriti, na ili utoe nyutoni 300 kwenda juu ni lazima uvute kwa mlalo nyutoni 1,200. Mkazo wake unafika takribani nyutoni 1,237. Bolti za C, ambazo mwanzo zilikuwa zinavutwa kutoka ukutani kwa nyutoni 400, sasa zinavutwa kwa 1,200, na ukuta wa matofali unabeba mvuto wa kung'oa kwa shida kuliko mgandamizo.

Njia ya kuiona 1,200 bila kupita kwenye pembe yoyote ni kuchukua momenti kuhusu C. Ax iko umbali wa nusu mita kutoka C, mizigo inatoa 600 vilevile, hivyo Ax ni 600 gawanya kwa 0.5. Kwa C ya awali ilikuwa 600 gawanya kwa 1.5. Kimo cha waya ukutani ndicho kinachoamua, na mgawanyo huo mmoja unamweleza fundi yote anayohitaji kabla hajatoboa tundu.

Makosa yanayoharibu maswali haya ni machache na yanajirudia. La kawaida ni kuchora T pamoja na vipande vyake viwili kwenye mchoro mmoja, kisha kuvijumlisha vyote, hivyo waya unahesabiwa mara mbili. Ukivichora vipande, ipige T mstari. Jingine ni kuchora kani ambayo boriti inausukuma nayo ukuta, badala ya ile ambayo ukuta unaisukuma nayo boriti. Hizi ni jozi ya sheria ya tatu ya Newton, zina ukubwa sawa na mielekeo kinyume, lakini ni moja tu iliyo ya gimba lako. Jiulize kwa kila mshale: nani anaifanyia nani? Kama jibu halianzi na kitu cha nje na kuishia na boriti, mshale huo haupo. Na mkazo wa waya ukitoka na alama ya kutoa, usigeuze mshale tu na kuendelea. Waya hausukumi, kwa hiyo ama kuna kosa, ama umbile hilo haliwezi kutulia jinsi lilivyochorwa.

Njia hii ina mipaka, na mingine inaonekana kwenye kuhesabu visivyojulikana. Upepo unaopiga uso wa bango unalisukuma kando, nje ya bapa la karatasi yetu. Hapo inabidi milinganyo sita, mitatu ya kani na mitatu ya momenti, na pini yetu ya A inapaswa kuzuia mzunguko wa kando pia. Kisha kuna hili ambalo mafundi hulifanya mara nyingi: boriti inachomelewa kwenye bamba la chuma ukutani, halafu waya unaongezwa juu yake kwa usalama. Kiungo kilichochomelewa kinazuia mzunguko, basi kinatoa momenti pia, tuiite MA. Visivyojulikana sasa ni Ax, Ay, MA na T: vinne kwa milinganyo mitatu. Milinganyo ya msawazo haiwezi kusema waya unabeba kiasi gani na kiungo kiasi gani. Mgawanyo huo unategemea boriti inapinda kiasi gani na waya unarefuka kiasi gani, hata jinsi waya ulivyokazwa siku ya kufungwa. Waya uliolegea haubebi kitu mpaka boriti ishuke kwanza.

Waya huo ukiondolewa kabisa, visivyojulikana vinarudi kuwa vitatu na swali linatatulika tena. Ax ni sifuri, Ay ni nyutoni 500, na MA ni nyutoni-mita 600, zile 600 zilezile za mizigo. Ila sasa hakuna C iliyo juu ukutani ya kuzigawanya. Kama skwea paipu ina kimo cha sentimita 5, momenti hiyo inabebwa hasa na jozi ya kani, ya juu ikivuta na ya chini ikigandamiza, zilizotengana kwa mita 0.05 tu. Ukigawanya 600 kwa 0.05 unapata takribani nyutoni 12,000 zinazouvuta mshono wa juu wa kuchomelea, kwa bango lilelile la kilo 40.